Kumwelekeza mgeni kwa Kihungaria: kutoka -ni yetu moja hadi viambishi tisa

Ukiwa unaishi Budapest na ukapata mgeni kutoka nyumbani, jambo la kwanza utakalofanya ni kumwandikia njia. Mistari yenyewe ni michache: panda hiki, shuka pale, vuka kile. Unamwandikia Kiswahili asome mwenyewe, na chini yake Kihungaria amwonyeshe dereva au mpita njia akipotea. Huo upande wa pili ndio unaowasumbua wengi. Majina ya mahali mtu anayajua na vitenzi anavijua, lakini silabi ya mwisho, ile inayosema ndani, juu au kando, inaandikwa kwa kubahatisha.

Hakuna haja ya kubahatisha. Msemaji wa Kiswahili tayari anatofautisha *humu*, *hapa* na *huku*, na tofauti hiyo inamfikisha karibu nusu ya njia. Twende na mfano mmoja mpaka mwisho.

Shangazi anatoka Tanga. Mpwa wake anasoma Budapest, na siku hiyo ana kipindi hadi mchana, kwa hiyo hawezi kwenda kumpokea. Watakutana nje ya hamamu ya Széchenyi, ile nyumba kubwa ya mabwawa ya maji moto iliyofunguliwa mwaka 1913 ndani ya bustani ya Városliget. Nje, si ndani: kuingia ni kwa tiketi, na shangazi ana begi na amechoka. Ujumbe wa Kiswahili ni huu:

> Shikamoo shangazi. Ukitoka uwanja wa ndege panda basi 100E. Shuka Deák tér. Teremka kwenye njia ya chini ya barabara, upande metro M1. Shuka Hősök tere. Vuka uwanja, halafu vuka daraja. Nenda mpaka kwenye hamamu, upande wa kushoto, ila usiingie ndani. Nitakungoja pale mlangoni.

Sasa tuubadilishe.

Hatua ya kwanza: igawe "wapi" mara tatu

Sisi tunauliza *uko wapi, unakwenda wapi, unatoka wapi*, na neno *wapi* halitikisiki. Vivyo hivyo *-ni*: niko dukani, nakwenda dukani, natoka dukani. Duka limebaki vilevile mara zote tatu, na safari yote imebebwa na kitenzi.

Mhungaria ana maneno matatu ya kuuliza. *Hol?* ni pale ulipo. *Hová?* ni kule uendako. *Honnan?* ni kule utokako. Jina la mahali nalo linabadilika kufuata swali. Duka ni *bolt*. Niko dukani ni *a boltban vagyok*, nakwenda dukani ni *a boltba megyek*, natoka dukani ni *a boltból jövök*. Hiyo *a* ya mwanzo ni kitambulisho tu, na mbele ya irabu inakuwa *az*.

Kwa hiyo kabla hujaandika kiambishi chochote, soma kitenzi chako cha Kiswahili ujiulize kinajibu swali lipi kati ya hayo matatu. *Panda, ingia, nenda, fika* ni *hová*. *Ngoja, kaa, -ko, -po, -mo* ni *hol*. *Toka, shuka, ondoka* ni *honnan*. Lakini *shuka* ina pande mbili. Shangazi anashuka kutoka kwenye basi, na hapo ni *honnan*. Anashukia Deák tér, na mahali hapo pa kushukia Mhungaria anapaona kama *hol*: ni pale ambapo tendo linatokea. Sentensi moja itakuwa na viambishi viwili tofauti, na vyote ni sahihi.

Hatua ya pili: mle, juu yake, au pale?

Swali la pili linahusu umbo la mahali. Hapa ngeli yetu ya mahali inasaidia. *Dukani mna mchele* inasema mchele umo ndani. *Dukani pana foleni* inasema foleni iko hapo penye duka, na inaweza kuwa nje kabisa. Leo wengi wetu tunasema *kuna* kwa kila kitu, lakini masikio yetu bado yanajua tofauti ya *mle* na *pale*, na hicho ndicho kipimo cha kutumia.

Ukiweza kusema *mle* au *humo*, uko katika safu ya ndani. Ukiweza kusema *pale* tu, swali moja zaidi linabaki: mtu anakanyaga mahali hapo, au anasimama karibu napo? Akikanyaga, ni safu ya juu. Akisimama karibu, ni safu ya kando. *Pa-* yetu inazibeba zote mbili bila kuzitenganisha, na hapo ndipo Kiswahili hakikusaidii tena. Lazima uamue mwenyewe.

Ukiunganisha maswali hayo mawili unapata vyumba tisa:

| | unakwenda (hová) | uko (hol) | unatoka (honnan) |
|---|---|---|---|
| ndani: *mle* | -ba, -be | -ban, -ben | -ból, -ből |
| juu: *pale*, unakanyaga | -ra, -re | -n, -on, -en, -ön | -ról, -ről |
| kando: *pale*, uko karibu | -hoz, -hez, -höz | -nál, -nél | -tól, -től |

Chukua hamamu, *fürdő*, uone jinsi tofauti ilivyo kubwa kwa shangazi wetu. *A fürdőbe* ni kuingia ndani. *A fürdőhöz* ni kufika hapo nje na kusimama. Mpwa akimwandikia *menjen a fürdőbe*, mpita njia mwema atamwongoza shangazi hadi dirisha la tiketi, na mpwa atabaki nje akimtafuta. Vivyo hivyo *a fürdőben várom* ni nakungoja mle ndani, na *a fürdőnél várom* ni nakungoja pale penye hamamu.

Safu ya kando ina ziada inayofaa sana katika kuelekeza: *-tól/-től* hutumika pia kupimia upande. *A fürdőtől balra* ni kushoto mwa hamamu, *a hídtól jobbra* ni kulia mwa daraja. Na ukitaka kusema ubavuni kabisa, si karibu tu, kuna neno linalosimama peke yake baada ya jina: *a fürdő mellett*. Nalo linafuata maswali yaleyale matatu: *mellé* ukienda, *mellett* ukiwepo, *mellől* ukitoka. Kwa karatasi ya mgeni, *-nál* inatosha mara nyingi.

Safu ya juu ndiyo inayohitaji kukariri. Mahali palipo wazi panaeleweka upesi: uwanja wa mjini *tér*, daraja *híd*, barabara *út*, soko *piac*, uwanja wa ndege *repülőtér*. Lakini Mhungaria anaweka pia katika safu hii stesheni kuu ya treni *pályaudvar*, posta *posta* na chuo kikuu *egyetem*, hata kama vina kuta na paa. Niko posta ni *a postán*, niko chuoni ni *az egyetemen*. Hospitali, shule, hoteli na mkahawa vinabaki ndani: *a kórházban, az iskolában, a szállodában, az étteremben*. Usitafute mantiki ya kila kimoja; ushauri wangu ni kwamba ukijifunza jina jipya la mahali, ulijifunze pamoja na kiambishi chake cha *hol*. Andika daftarini *a postán*, usiandike *posta* peke yake. Ukishajua hicho kimoja, safu umeijua, na viwili vilivyobaki vinafuata.

Vyombo vya usafiri ni mtego mwingine. Sisi tunasema *niko ndani ya basi*, na mtu akifuata hilo neno kwa neno ataandika *-ban*. Mhungaria yuko juu ya basi: *a buszon vagyok*. Hapo kitenzi chetu *panda* ndicho kiongozi mzuri kuliko *ndani ya*, kwa sababu *panda basi* ni *felszáll a buszra* na *shuka kwenye basi* ni *leszáll a buszról*. Metro, tramu na treni ni vilevile. Teksi na gari dogo ndizo zinazokwenda kinyume: unaingia ndani yake, *beszáll a taxiba*, hata kama kwa Kiswahili umeipanda.

Hatua ya tatu: chagua sauti

Sasa unajua chumba, lakini kila chumba kina maumbo mawili au zaidi. Uchaguzi hauhusu maana, ni wa irabu tu. Mzungumzaji wa Kiswahili anafanya jambo la namna hii kila siku katika kauli ya kutendea: *pika* inakuwa *pikia*, lakini *soma* inakuwa *somea*. Irabu ya mzizi imechagua irabu ya kiambishi.

Kwa Kihungaria, irabu *a, á, o, ó, u, ú* zinavuta *-ban, -ra, -hoz, -nál*. Irabu *e, é, ö, ő, ü, ű* zinavuta *-ben, -re, -hez, -nél*. Irabu *i* na *í* kwa kawaida haziamui. Angalia zilizo pamoja nazo. Neno likiwa limechanganya, kama *metró*, a-o-u kwa kawaida hushinda: *metróra, metróhoz*. *Híd* ni la kukariri, kwa sababu lina *í* peke yake na bado linasema *hídon, hídhoz*.

Umbo *-höz* linakuja pale irabu ya mwisho inapokuwa *ö, ő, ü* au *ű*. Ndiyo maana ni *fürdőhöz*, lakini *étteremhez*.

Neno likiwa limeunganishwa kutoka maneno mawili, sikiliza la mwisho tu. *Körút*, barabara ile ya kuzunguka katikati ya mji, inaanza na *ö*, lakini inaishia na *út*, kwa hiyo ni *körúton*. *Repülőtér* inaishia na *tér*: *repülőtéren, repülőtérről*.

Mwisho kabisa: neno likiishia na *a* au *e* fupi, irabu hiyo inarefuka kabla ya kiambishi. *Posta* inakuwa *postán*, *utca* inakuwa *utcában* au *utcán*, na *Hősök tere* inakuwa *a Hősök terén*. Ile alama juu ya herufi si pambo. Ukiiacha, umeandika neno lenye kosa.

Hatua ya nne: kagua kwa kitenzi

Kihungaria kinapenda kusema mwelekeo mara mbili, mara moja mbele ya kitenzi na mara moja mwishoni mwa jina. Hii ni zawadi kwa anayejikagua, kwa sababu vipande viwili lazima vikubaliane. *Be-* (kuingia) huenda na *-ba/-be*. *Ki-* (kutoka nje) huenda na *-ból/-ből*. *Fel-* (kupanda) kwenye usafiri huenda na *-ra/-re*. *Le-* (kushuka) huenda na *-ról/-ről* kwa kile unachokiacha. *Oda-* (kusogea pale) huenda na *-hoz/-hez/-höz*. Katika amri kipande hicho kinaruka na kukaa baada ya kitenzi: *menjen be*, *szálljon fel*, *szálljon le*.

*Át*, kuvuka, inavunja matarajio. Kuvuka daraja ni mwendo, kwa hiyo mtu anaandika *-ra*. Lakini daraja si mwisho wa safari, ni njia unayoikanyaga ukipita, na kwa hiyo linachukua kiambishi cha kuwepo: *menjen át a hídon*. *Menjen végig az utcán*, fuata mtaa mpaka mwisho wake, ni hivyohivyo. Kipimo chake ni rahisi: ukiweza kusema *pitia*, andika *-n/-on/-en/-ön*.

Kuhusu heshima: *menjen, szálljon* ni kwa mkubwa au mtu usiyemjua. Rafiki wa rika lako unamwambia *menj, szállj*. Viambishi vya mahali havibadiliki kwa hilo.

Karatasi ya shangazi, mstari kwa mstari

*A repülőtérről szálljon fel a 100E buszra.* Kutoka uwanja wa ndege, panda basi 100E. Uwanja ni safu ya juu na anatoka, kwa hiyo *-ről*. Basi ni juu na anaenda, kwa hiyo *-ra*. *Fel* na *-ra* vimekubaliana.

*A Deák téren szálljon le a buszról.* Hapa ndipo *shuka* inapoonyesha pande zake mbili: *téren* ni pale anaposhukia, *buszról* ni kile anachokiacha. Hicho ndicho kituo cha mwisho cha basi hilo upande wa mjini.

*Menjen le az aluljáróba.* Teremka kwenye njia ya chini ya barabara. Ni mle, kwa hiyo *-ba*. Ona kwamba *le* hapa haina *-ról*, kwa sababu sentensi inataja anakoingia, si anachokiacha.

*Szálljon fel az M1-es metróra a Mexikói út felé.* Panda metro M1 inayoelekea Mexikói út. *Felé*, kuelekea, linasimama peke yake baada ya jina, na upande wa gari lazima uandikwe, kwa sababu vituo vya njia hii ni vidogo na ni rahisi kupanda la upande usio wako. M1 ndiyo ile ya mwaka 1896, na wenyeji huiita *kisföldalatti*. Shangazi akisikia jina hilo asishtuke, ni ileile.

*A Hősök terén szálljon le.* Shuka Hősök tere. Angalia *tere* ilivyorefuka.

*Menjen át a téren, aztán a hídon.* Vuka uwanja, halafu daraja. Pote anapita, kwa hiyo *-en* na *-on*. Uwanja huo una nguzo ndefu katikati, na daraja liko nyuma yake.

*Menjen oda a fürdőhöz, balra. Ne menjen be a fürdőbe.* Nenda mpaka kwenye hamamu, kushoto. Usiingie ndani. Jina moja, viambishi viwili, na ndio mstari wenye uzito kuliko yote katika karatasi hii. Shangazi akiwa ametoka darajani ngome ya Vajdahunyad itakuwa kulia kwake, na hamamu mbele kidogo upande wa kushoto.

*A bejáratnál várom.* Nakungoja mlangoni. *Bejárat* ni mlango wa kuingilia, na *-nál* inamweka mpwa kando yake, nje.

Ukimaliza, rudia kusoma ukiweka *mle* au *pale* mbele ya kila jina la mahali. Penye *mle* lazima uone *b* mwanzoni mwa kiambishi: *-ba, -ban, -ból* na wenzao. Ukiiona *b* mahali ulipokusudia *pale*, rekebisha kabla hujatuma.

Miji na watu

Kwa Kiswahili miji haichukui *-ni*: nakwenda Tanga, natoka Nairobi. Kihungaria hakiruhusu jina kubaki tupu. Miji ya nje ya Hungaria, hata Tanga, kwa kawaida ni ya ndani: *Tangából jövök, Nairobiban lakom*. Miji mingi ya Hungaria yenyewe ni ya juu: *Budapesten, Szegeden, Miskolcon*. Kisha kuna iliyojitenga, kama *Debrecenben*, *Egerben* na *Sopronban*, nayo ni ya kukariri. Hata nchi zinagawanyika: *Tanzániában, Kenyában*, lakini *Magyarországon* kwa Hungaria.

Kwa watu mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu *kwa* yetu inaingia moja kwa moja kwenye safu ya kando. Nakwenda kwa daktari ni *az orvoshoz megyek*, niko kwa daktari ni *az orvosnál vagyok*, natoka kwa daktari ni *az orvostól jövök*. *Kwangu* nako ni hivyohivyo: *hozzám* ukija, *nálam* ukiwepo, *tőlem* ukiondoka. Neno *nyumbani* tu ndilo lina maneno yake: *haza* ukienda, *otthon* ukiwa huko.

Shangazi akijibiwa

Akiuliza *Hol van a fürdő?* anaweza kujibiwa *Ott, a híd után* (kule, baada ya daraja) au *A hídtól balra*. Masikio ya mgeni yashike jina la mahali kwanza, kiambishi baadaye. Na kuna jambo moja la mazungumzo ya kila siku: watu wengi hawaitamki *n* ya *-ban/-ben*. Mtu anayesema *a boltba vagyok* hakukosea safari; yuko dukani, na *vagyok* ndiyo inayokuambia. Katika kuandika *n* hiyo inabaki daima. Matamshi ya majina nayo yanataka uangalifu mdogo: *s* inasomwa *sh* na *sz* inasomwa *s*, kwa hiyo *busz* ni *bus*, *Budapest* ni *Budapesht*, na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza ya neno, si ile ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea.